Mafuta ya kula: lita na kilo si kitu kimoja

Ukinunua mafuta ya kula, usiangalie urefu wa chupa wala unene wa dumu. Chupa nyembamba yenye kiuno huonekana imejaa lita nzima, kumbe lebo inasema mililita 900. Tafuta maandishi madogo ya ujazo, kisha utoe simu: bei gawanya kwa mililita, zidisha kwa 1000. Chupa hiyo ikiuzwa shilingi 6,300, lita moja inakuwa 7,000. Dumu la lita 3 kwa 20,400 linakupa lita kwa 6,800.

Sasa pembeni kuna ndoo ya mafuta hayo hayo imeandikwa kilo 5, bei 35,000. Ukigawanya unapata 7,000 kwa kilo, na wengi hapo huiacha wakidhani bei ni sawa na ya ile chupa. Lakini mafuta ni mepesi kuliko maji, lita moja ina uzito wa takriban kilo 0.92. Kwa hiyo chukua bei ya kilo uzidishe kwa 0.92: inatoka 6,440 kwa lita. Ndoo ndiyo rahisi kuliko zote, na ndani yake mna karibu lita 5.4.

Namba hiyo ya 0.92 ni ya mafuta tu. Asali ni nzito, lita yake hufika kama kilo 1.4, kwa hiyo asali ya kilo moja haijazi hata robo tatu ya chupa ya lita.