Somo: Kumwandikia mzazi barua kuhusu alama za insha (mfano: insha ya methali, 9/20)

Kila karatasi za insha zinaporudi naulizwa swali lilelile: "Mwalimu, nimwandikie mzazi nini?" Nalijibu hapa mara moja tu. Atakayeuliza tena bila kusoma nitamrudisha huku.

Nazungumzia Kenya, Kidato cha Tatu, insha ya alama 20 kama zile za Karatasi ya Kwanza ya KCSE. Swali lilikuwa kuandika kisa kinachodhihirisha methali "Mchelea mwana kulia hulia yeye". Mwanafunzi wa mfano wetu alisimulia mama aliyemtetea mwanawe alipoiba kalamu darasani, akamtetea tena alipoiba kuku wa jirani. Kijana akaishia kukamatwa kwa wizi wa pikipiki, na kisa kikafungwa akilia ndani ya seli. Kiswahili chake kinasomeka vizuri, lakini amepata 9. Mzazi yeyote ataona ameonewa.

Hatua ya 1. Ambatisha karatasi yenyewe iliyosahihishwa.

Hatua ya 2. Eleza wino wako mwekundu kwa sentensi moja: mstari chini ya neno ni kosa la sarufi, duara ni kosa la hijai, tiki juu ya neno ni msamiati uliotumika vizuri. Kama wewe unasahihisha kwa alama nyingine, eleza zako.

Hatua ya 3. Eleza 9 imetoka wapi. Hatua hii nimewahi kuiharibu, kwa hiyo vumilieni urefu.

Mzazi akishika karatasi huhesabu wekundu. Akikuta makosa saba anatoa saba kwenye ishirini, anapata 13, kisha anauliza zile nne nyingine zimekwenda wapi. Sasa ukimwandikia "maudhui yamepwaya" hujamjibu, kwa sababu yeye hakuwahi kusahihisha insha na neno hilo halimwambii kitu. Mwambie kwanza kwamba insha haisahihishwi kama hesabu. Tunaisoma yote, tunaiweka katika kiwango (D ni 1 hadi 5, C ni 6 hadi 10, B ni 11 hadi 15, A ni 16 hadi 20), halafu ndani ya kiwango hicho tunaamua alama yenyewe kwa kuangalia maudhui, mtindo, msamiati, sarufi na hijai. Neno lililoendelezwa vibaya mara tano huhesabiwa kosa moja.

Kisha mwonyeshe pengo lenyewe kwa maneno ya mtoto wake. Methali hii ina pande mbili. "Mchelea mwana kulia" ni mzazi anayeogopa kumrudi mtoto, na upande huo umeandikwa vizuri. "Hulia yeye" je? Yeye ni nani? Ni yuleyule mchelea, yaani mama. Katika insha hii anayelia ni kijana. Mama hatumwoni tena baada ya kisa cha kuku: hauzi shamba kulipa wakili, hafiki kituoni, hajuti. Upande wa pili haupo, na insha ya methali iliyoshughulikia upande mmoja hatuipitishi kiwango cha C. Lugha nzuri ndiyo iliyoivuta hadi 9, karibu na kilele cha C. Mzazi akishaona hilo, hasira zinapungua, kwa sababu anaweza kufungua ukurasa wa mwisho na kumtafuta mama mwenyewe asimpate.

Tahadhari. Usiandike "hakuelewa swali", kwani nusu alielewa. Usitaje nafasi yake darasani wala alama za mtoto mwingine. Na usiahidi kwamba angemliza mama angepata 15. Hujui angemliza vipi.

Hatua ya 4. Toa zoezi la nyumbani. Moja la maudhui, moja la lugha, basi. "Asome vitabu vya hadithi kwa wingi" si zoezi. Chagua kitu ambacho mzazi anaweza kukisikia kwa sikio bila kushika kalamu. Kwa binti huyu nimechagua kusimulia methali kwa mdomo na lile kosa la "-anga" (alikuwa anamteteanga, anaibanga), ambalo limejitokeza kisa kizima.

Hatua ya 5. Taja tarehe ya insha ijayo, weka sahihi, tia kwenye bahasha.

Barua yenyewe:

> Kwa Mzazi wa (jina), Kidato cha Tatu
>
> Salamu kwako na kwa jamaa wote.
>
> KUH: INSHA YA METHALI, ALAMA 9/20
>
> Nimeambatisha insha ya binti yako. Mstari chini ya neno unaonyesha kosa la sarufi, duara kosa la hijai, na tiki neno lililotumika vizuri. Alama hazipunguzwi kosa kwa kosa. Insha husomwa nzima, huwekwa katika kiwango, kisha hupewa alama ndani ya kiwango hicho. Hii iko kiwango cha C, ambacho ni alama 6 hadi 10.
>
> Anasimulia vizuri. Tazama ukurasa wa kwanza, pale mama anapomfokea mwalimu kwa ajili ya kalamu. Kilichomrudisha nyuma ni mwisho. Methali inasema mzazi anayeogopa kilio cha mtoto atalia yeye mwenyewe. Katika kisa chake anayelia ni mtoto, na hatuambiwi mama alipatwa na nini. Upande wa pili wa methali haukuandikwa, kwa hiyo insha haikuweza kuvuka kiwango cha C.
>
> Naomba unisaidie mambo mawili hadi insha ijayo. Kwanza, mara mbili kwa wiki, mpe methali moja akusimulie kisa kwa mdomo kwa dakika tano. Anza na "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu" na "Mchimba kisima huingia mwenyewe". Akimaliza, muulize: "Ni nani aliyefanya kosa? Huyohuyo alipatwa na nini?" Akishindwa swali la pili, arudie mwisho peke yake, si kisa chote. Pili, katika dakika hizo tano, ukimsikia akisema "alikuwa anamteteanga", mwache amalize sentensi, kisha aiseme tena: "alikuwa akimtetea". Makosa mengine niachie mimi.
>
> Insha ijayo tutaiandika tarehe (…). Ukiwa na swali, karibu shuleni.
>
> Wako,
> (jina na sahihi)
> Mwalimu wa Kiswahili

---

MASWALI

Ticha_Mpya: Asante mwalimu. Sasa kila kosa la sarufi linapunguza alama ngapi?

Mwandishi: Hatua ya 3, aya ya pili.

Ticha_Mpya: Nimesoma, lakini mzazi wangu anataka namba.

Mwandishi: Basi mpe namba za viwango. Namba ya kila kosa haipo, na ukibuni moja leo, kesho atakuletea insha yenye makosa mawili uliyoipa 11 akudai 18.

MwalimuKijijini: Kwangu wazazi wengi hawasomi Kiswahili sanifu, wengine hawasomi kabisa. Barua hii atasomewa na mtoto mwenyewe. Nifanyeje?

Mwandishi: Swali zuri, na ndiyo sababu zoezi nimelifanya la mdomo. Jambo la kwanza, andika ukijua mtoto ndiye msomaji. Usiweke jambo ambalo ataliruka. Sentensi ya sifa iwe na ukurasa wake, ili mzazi aseme "nionyeshe hapo". Jambo la pili, kisa kinaweza kusimuliwa kwa lugha ya nyumbani, Kikamba au Kigiriama, hakuna shida. Kosa la binti huyu halikuwa la Kiswahili, lilikuwa la nani analia, na hilo bibi yake anaweza kulikamata kwa lugha yoyote. Hapo zoezi la "-anga" liache, lifanye wewe darasani.

MwalimuKijijini: Bibi mmoja tayari ananiuliza methali zenyewe zilitoka wapi. Nitamtumia yeye asikilize visa.

Bw_Chaki: Mimi sikubaliani. Kijana kulia seli kunatosha, mama yeyote mwanawe akifungwa analia. Msomaji anajazia.

Mwandishi: Msomaji anajazia, msahihishaji hajazii. Natuza kilichoandikwa. Ningekuwa najazia, kila insha ingekuwa A.

Bw_Chaki: Hata sentensi moja ya mama akilia ingetosha?

Mwandishi: Sentensi moja ingeonyesha kwamba ameuona upande wa pili, lakini usawa haungekuwepo. Ukurasa mzima wa kuchelea na mstari mmoja wa kulia ni kisa kilichoinama. Mimi huwaambia wanafunzi wauanze upande wa pili kabla ya theluthi ya mwisho ya kisa.

MamaWawili: Mimi ni mzazi, samahani kuingilia walimu. Nikimrekebisha "-anga" mara kwa mara mtoto ananyamaza, hataki kusimulia tena.

Mwandishi: Karibu sana mama, hujaingilia. Usimkatize. Wakati wa dakika tano tu, tena baada ya sentensi kuisha. Nje ya dakika hizo aongee apendavyo, hata Sheng. Akirudia kosa mara nyingi, chagua moja tu umrudishe. Pia mpe kazi ya kukuwinda wewe: ukisema "-anga" akukamate. Wataalamu wa kuwakamata wazazi ni wengi.

MamaWawili: Hilo atalipenda mno. Na insha yake ilianza na mistari kumi na moja ya jua kuchomoza na ndege kuimba. Ni vizuri?

Mwandishi: Inategemea kama jua hilo lina kazi. Mara nyingi ni utangulizi wa kukariri, ule unaobandikwa kwenye insha yoyote, na sisi tunautambua. Hasara yake ni nafasi. Mistari hiyo kumi na moja ndiyo ingebeba machozi ya mama. Mwambie aanze pale kalamu inapopotea.

Mgeni_07: Nitumie hiyo barua kwa pdf.

Mwandishi: Inakili. Iko hapo juu.

Mgeni_07: Naweza kuipachika kwenye kikundi cha WhatsApp cha wazazi wote, niweke alama zao kwa pamoja?

Mwandishi: Hapana. Bahasha moja, mtoto mmoja.

Sauti_ya_Darasa: Na methali ambazo hazina pande mbili wazi, kama "Akiba haiozi"? Mzazi atauliza maswali gani?

Mwandishi: Pande zipo, zimefupishwa tu. Akiba ni mtu kuweka kitu wakati ana uwezo wa kukitumia. Haiozi ni siku kile kitu kinapomfaa. Maswali ya mzazi yanabadilika: "Aliweka nini? Kikamfaa siku gani?" Wengi hukosea kwa kusimulia mtu aliyekosa akiba akateseka. Hicho ni kinyume cha methali, hakiidhihirishi. "Ukiona vyaelea vimeundwa" huwapiga chenga kwa namna nyingine: wanaeleza mafanikio kirefu, lakini jasho la kuunda halionekani. Hapo swali la mzazi liwe moja: "Aliviundaje?" Mtoto akijibu kwa "alijitahidi sana", amwambie, "Nitajie siku moja aliyojitahidi, alifanya nini asubuhi hiyo."