Karai la mboga lisiguse nyama
Ukiwa na hoteli Kisumu na wateja wenye masharti ya chakula ya dini, anza na karai la kukaangia. Chipsi zilizopita kwenye mafuta ya samosa za nyama au ngege si chakula cha mteja Mhindu asiyekula nyama, hata ukiziita za mboga. Tenga karai, mwiko na kijiko cha matundu, vyote uvifunge utepe wa kijani mpinini. Ndengu nazo huharibikia kwenye viungo vya mchuzi vya pakiti. Baadhi vina mafuta ya ng'ombe, kwa hiyo soma maandishi ya nyuma.

Kwa nyama ya halali, cheti kilichobandikwa buchani hakitoshi. Tazama kama muda wake umeisha, kisha ulinganishe jina la kichinjio na risiti ya mzigo wa leo. Kwenye menyu, kando ya vyakula vya mboga, andika wazi: "bila nyama, samaki wala mayai".