Somo: Kugeuza kurasa za logi kuwa tiketi fupi

Tuchukue ofisi ya vifurushi pale stendi ya Kange, Tanga. Karani kaandika: "Saa saba na robo mchana mfumo umegoma, nimejaribu weee!" Chini yake kabandika logi kurasa kwa kurasa.

1. Hifadhi logi yote kwenye faili, uiambatishe. Ndani ya tiketi itaingia mistari michache tu.

2. Pata saa sahihi. Hapa ndipo wengi wanapopotea. Saa saba na robo mchana ni 13:15, lakini seva hii inaandika saa za UTC, ambazo ziko saa tatu nyuma yetu. Basi tafuta 10:15. Herufi Z mwishoni mwa muda ndiyo inayokujulisha. Ukitafuta 13:15 utakuta kosa la mtu mwingine kabisa.

3. Karani alibonyeza tena na tena, kwa hiyo kosa limejirudia. Chukua la kwanza. Kwa logi za Java, shuka hadi `Caused by` ya mwisho, kwa kuwa mara nyingi chanzo kiko hapo, kisha tafuta mstari wa kwanza unaotaja msimbo wenu wenyewe:

```
2025-03-04T10:15:07Z ERROR POST /vifurushi 500
Caused by: java.lang.NumberFormatException: For input string: "15,000"
    at tz.vifurushi.Nauli.soma(Nauli.java:48)
```

Mkato ule kwenye nauli unatia shaka. Usiishie kushuku, jaribu mwenyewe: 15000 inapita, 15,000 inagoma.

4. Sasa andika:

> Kifurushi hakisajiliwi nauli ikiandikwa kwa mkato
> Hatua: fungua Kifurushi Kipya, andika nauli 15,000, bonyeza Hifadhi.
> Kilichotokea: kosa 500, kifurushi hakikuhifadhiwa.
> Kilichotarajiwa: nauli ipokelewe, au karani aambiwe aandike bila mkato.
> Lini: 4/3/2025, 13:15 saa za Tanzania (10:15 UTC).
> Athari: karani akiondoa mkato anaendelea na kazi.
> Logi: mistari mitatu ya hapo juu, faili zima limeambatishwa.

Mstari wa athari usiuache. Ndio unaomwezesha developa kujua kama aache kazi aliyonayo au hili lingoje kesho.

Maswali ya wanachama

*Chumbageni:* Dada, nikijaribu kwangu inakubali. Nifanyeje?

Sema hivyo hivyo kwenye tiketi, utaje toleo la programu, simu au kompyuta iliyotumika, na data ileile aliyoingiza karani. Usiandike hatua ambazo hukuzithibitisha.

*Ngamiani:* Nimekuta makosa mawili tofauti kwenye logi moja. Tiketi moja au mbili?

Angalia muda kwanza. La pili likifuata la kwanza kila mara, huenda ni matokeo yake: tiketi moja, yote mawili yatajwe. Yakitokea kila moja kivyake, fungua mbili.

*Raskazone:* Logi ina namba za simu za wateja.

Zifute hata kwenye faili la kiambatisho, pamoja na nywila na tokeni. Weka `[SIMU]` mahali pake, ili developa ajue palikuwa na kitu.