Mikia ya herufi kwenye fonti za mwandiko: somo la kadi ya harusi

Fonti nyingi za mwandiko zinakuja na maumbo mengi ya herufi moja: a ya kawaida, a yenye mkia mrefu, a ya kuanzia neno. Yote yamo ndani ya faili, ila hutayaona mpaka uyawashe. Leo tutashughulika na swichi mbili tu.

Ya kwanza ni Stylistic Sets. Hizi ni seti alizopanga mchora fonti mwenyewe, zenye namba kuanzia ss01 hadi ss20. Kwa kawaida huja zimezimwa, wewe ndiye unayechagua. Ya pili ni Contextual Alternates, yaani calt. Hii hutazama majirani wa kila herufi na kubadilisha umbo lake: mwisho wa neno inaweka mkia, herufi mbili zikifanana inatofautisha moja. Programu nyingi za usanifu huiwasha zenyewe, lakini Word haifanyi hivyo.

Kwa mazoezi, wenye Windows tumieni Gabriola, aliyoichora John Hudson, maana imo humo tangu Windows 7. Haiungi herufi kama mwandiko hasa, lakini ina seti 7, kwa hiyo utaona tofauti mara moja.

Kwenye Illustrator

1. Andika maneno yako, kisha yachague yote.
2. Fungua `Window > Type > OpenType`. Hakikisha kitufe cha Contextual Alternates kimebonyezwa.
3. Kwenye paneli hiyohiyo bonyeza Stylistic Sets, ujaribu seti moja moja.
4. Ukitaka herufi moja tu ibadilike, ichague peke yake, fungua `Window > Type > Glyphs`, na kwenye Show weka Alternates for Current Selection. Bofya mara mbili umbo unalolitaka.

Kwenye Word

Chagua maneno, bonyeza Ctrl+D, nenda Advanced. Chini utaona Stylistic sets na kisanduku cha Use Contextual Alternates. Kitie tiki.

Sasa kuna jambo ambalo video za Kizungu hazitakuambia. Maneno yetu karibu yote huishia na irabu. Ukiwasha mikia ya mwisho kwenye "Familia ya Mzee Ng'ang'a inakualika", kila neno linapata mkia, na kadi inaonekana kama nyavu zilizotupwa ovyo. Mimi naacha mkia kwenye neno la mwisho la mstari tu, mengine nayazimia seti.

Halafu hilo jina lenyewe. Fonti niliyokuwa nayo ilihesabu kwamba neno limeisha popote isipofuata herufi. Ile alama ya ritifaa baada ya g si herufi machoni pake. Basi kila g ilipata mkia wa kumalizia katikati ya jina, na a ya mwisho ikachorwa kama neno linalojitegemea. Mteja akaniuliza kama nimeandika majina matatu!

Dawa ilikuwa kuchagua jina zima na kuzima Contextual Alternates hapo tu, kisha a ya mwisho nikairudishia mkia kwa mkono kupitia Glyphs. Kabla ya kununua fonti, andika "ng'ombe" na "saa" kwenye kisanduku cha majaribio cha duka. Ya kwanza itakuonyesha kama ritifaa inaikata, ya pili kama inajua kutofautisha a mbili.

Maswali ya wanachama

*Fundi, kwangu Word sehemu ya OpenType imefifia, haibonyezeki.*
Faili lako bila shaka ni la .doc la zamani. Nenda `File > Info > Convert`, litageuka .docx na sehemu hiyo itafunguka.

*Kaka, herufi zinaachana, kuna upenyo kati ya r na i.*
Kwenye Illustrator, angalia paneli ya Character. Tracking iwe 0, na kerning iwe Auto, isiwe Optical. Optical hukadiria nafasi kwa macho yake na kupuuza viungo alivyovipima mchora fonti. Mwandiko hautanuliwi, ukitaka upana, ongeza saizi.

*Sina hela ya Illustrator.*
Inkscape inatosha: fungua Text and Font, nenda kichupo cha Features. Kwenye LibreOffice unaweza hata kuandika seti ndani ya kisanduku cha jina la fonti, hivi:

```
Gabriola:ss06
```

*Nikipeleka kwa mchapaji, mikia yote inapotea.*
Kompyuta yake haina fonti yako, ikaweka nyingine. Hifadhi nakala unayoweza kuhariri, kisha kwenye nakala ya pili, ndani ya Illustrator, chagua maandishi na ubonyeze Shift+Ctrl+O. Yatakuwa michoro, hayahitaji fonti tena. Lakini soma majina kwanza, maana baada ya hapo hutaweza kusahihisha hata herufi moja.