Somo: Samaki wa kupaka na wali wa nazi, mlo wa usiku wa watu wawili

Wengi wakipanga kupika pamoja nyumbani huanza na orodha ndefu: biriani, sambusa, kuku, tambi, juisi za aina mbili. Saa mbili ya usiku ikifika mmoja kanuna, mwingine yuko kwenye sufuria chafu, na chakula kimepoa. Kwa usiku wa wawili chagueni chakula kimoja tu kinachotaka macho dakika za mwisho. Vingine vyote viwe vya kujisubiria vyenyewe.

Kwetu Lamu sijaona kinachofaa zaidi ya samaki wa kupaka. Mmoja hawezi kumpika vizuri peke yake bila ya kuhangaika, kwani moto unataka mtu na tui linataka mtu. Wali wa nazi utangoja kwenye sufuria. Kachumbari haina moto. Kitamu nunueni: halua kidogo na kahawa tungu. Anayetaka kupika kaimati usiku huohuo ajue ameshaharibu mpango.

Hatua ya kwanza: sokoni asubuhi

Nendeni wote wawili, soko la pale Ngomeni. Changu au tewa mmoja wa gramu 800 hivi anawatosha. Inua shavu utazame matamvua: yawe mekundu, si ya rangi ya udongo. Mbonyeze ubavuni, nyama irudi. Chukueni nazi mbili zilizokomaa. Itikise usikie maji ndani. Msimu wa kusi bahari ikichafuka samaki huadimika na bei hupanda, basi aliyepatikana ndiye huyo, msigombane.

Hatua ya pili: nani afanye nini

Manahodha wengi chombo huenda mrama. Mmoja ni mshika moto: yake ni samaki, makaa na wavu. Wa pili ni mshika tui: yake ni wali na rojo la kupaka. Kila mmoja ana neno la mwisho kwenye kazi yake. Mwenzio akikuna nazi polepole, mwache akune. Kachumbari ni ya atakayemaliza mwanzo.

Hatua ya tatu: kabla ya Magharibi

Tuseme mnataka kula saa mbili na nusu. Saa kumi na moja mshika moto amparue samaki magamba, amtoe matumbo, amchanje mara tatu kila upande mpaka karibu na mfupa. Amsugue kitunguu thomu, tangawizi, pilipili na chumvi, humo ndani ya michanjo. Ndimu bado. Ikikaa juu ya nyama saa nzima huiivisha kabla ya moto, na samaki akifika kwenye wavu humumunyuka. Ndimu itiwe wakati wa kwenda kuchoma.

Mshika tui aketi juu ya mbuzi akune nazi zote mbili. Ukifika kwenye ganda jeusi simama, la sivyo tui litakuwa la kahawia na lenye mchanga mchanga mdomoni. Kuneni sasa, lakini mkamue baada ya Magharibi. Kwa joto letu tui likikaa nje huchacha upesi.

Hatua ya nne: baina ya Magharibi na Isha

Hapa ndipo penye mlo wenyewe. Tia nazi iliyokunwa maji ya vuguvugu kikombe kimoja, kamua kwa kifumbu au kitambaa safi. Hilo ndilo tui zito, mtapata kama kikombe na nusu, liweke kando. Tia maji tena, kamua mara ya pili na ya tatu mpate tui jepesi vikombe viwili na nusu.

Tui jepesi ni la wali. Lichemshe na chumvi, tia mchele kikombe na nusu uliokwisha kuoshwa, ukoroge mara moja tu. Maji yakikaribia kukauka, punguza moto kabisa, funika, upalie makaa machache juu ya kifuniko. Sasa usiuguse.

Tui zito ni la samaki. Liteleke kwenye moto mdogo na manjano nusu kijiko cha chai, bizari nyembamba kidogo, thomu iliyopondwa, pilipili na chumvi. Koroga bila kuondoka, dakika kumi hadi kumi na tano, mpaka lishike mgongo wa kijiko. Ondoa motoni, ndipo utie maji ya ukwaju vijiko viwili. Ukali ukiingia tui likiwa linachemka, linakatika: utaona chembechembe nyeupe na mafuta yakielea juu. Likikukatikia, epua, tia vijiko viwili vya tui zito bichi, ukoroge. Halirudi kama mwanzo, lakini ladha ipo na gizani juu ya dari hakuna atakayeona.

Mshika moto naye awashe makaa mapema na aongeze kabla ya Isha.

Hatua ya tano: baada ya Isha

Makaa yawe yamevaa jivu la kijivu, hayana ndimi. Wavu uupashe moto mtupu, uupake mafuta, ndipo samaki alale. Dakika nane hadi kumi kila upande. Akigandia wavuni usimvute, hajawa tayari. Akiiva ngozi yake huachia mwenyewe. Chungulia mchanjo: nyama karibu na mfupa iwe nyeupe, si ya kung'aa kama kioo.

Hapo mshika tui anasogea na kijiko. Mmoja anageuza, mmoja anapaka, mara tatu kila upande, dakika moja moja. Rojo lililobaki mwagieni juu kwenye sahani. Kachumbari itiwe chumvi sasa hivi, si mapema, isije ikatoa maji.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Malindi: Sisi tumepanga chumba kimoja, makaa hayaruhusiwi. Tuna gesi tu.*

Tumia kikaango kizito. Kaanga samaki kwa mafuta kidogo pande zote mbili, kisha mwagia rojo, funika dakika tano kwa moto mdogo. Harufu ya moshi mtaikosa, hilo sikufichi. Wali nao, weka kikaango cha chapati chini ya sufuria ili moto usiuguse moja kwa moja.

*Bi harusi, Shela: Shoga, naishi na mavyaa. Tutajifungia vipi jikoni na mwanawe?*

Msijifungie. Nunueni samaki wawili, nazi tatu, na sahani ya mama itoke mwanzo, aletewe na mwanawe kwa mkono wake. Akishakula na kupata kahawa yake, usiku ni wenu.

*Kaka, Mkomani: Tui la pakiti lafaa?*

Lafaa, kaka. Kwa rojo litumie kama lilivyo. Kwa wali lizimue, kikombe kimoja cha tui kwa kimoja na nusu cha maji. Mengi yametiwa vitu vya kulizuia lisitengane, kwa hiyo hukatika kwa shida. Utamu wake ni wa chini.

*Mwanachama, Langoni: Sisi ni wachumba, bado hatujaoana.*

Basi pikieni kwao binti, wakubwa wakiwepo, na samaki awe mkubwa. Wewe shika moto. Babake akikuona unamgeuza samaki bila kumvunja, hutakuwa na haja ya kujieleza sana.

*Bi harusi, Shela, tena: Na vyombo nani aoshe?*

Mbuzi na kifumbu vioshwe palepale nazi ikiisha, vikikauka na chicha ni taabu. Wavu uloweke usiku kucha. Vilivyobaki, asiyepika kesho asubuhi ndiye aoshe.