Skripti ya trela ya sekunde 30 kwa chaneli mpya ya mapishi: tulivyoiandika na wifi yangu hapa Ngamiani, Tanga

Mi kazi yangu ni kushuti na kuediti video za harusi hapa Tanga, na mwaka huu wifi yangu kaamua kufungua chaneli ya mapishi YouTube, kaniomba nimsaidie trela, ile video fupi inayojicheza mtu akifika kwenye ukurasa wa chaneli na bado hajasabskraibu. Nilidhani ni kazi ya jioni moja. Skripti peke yake ilitula siku tatu, na sehemu kubwa ya muda huo tulikuwa tunafuta tu. Naweka hapa jinsi tulivyofanya pamoja na skripti yenyewe nzima, uone kila sentensi imekaa pale kwa sababu gani.

Rasimu yake ya kwanza ilikuwa hivi:

"Asalamu aleikum, karibuni sana kwenye chaneli yangu mpya, hapa utajifunza mapishi mbalimbali matamu ya asili na ya kisasa kwa ajili ya familia yako, usisahau kulaiki, kushea na kusabskraibu."

Nikaipima kwa simu, sekunde 16. Yani zaidi ya nusu ya muda imeisha na hatujajua anapika nini wala yeye ni nani. Na ukiitazama vizuri, sentensi hiyo ukimpa mpishi wa Mwanza au wa Moshi anaisoma vilevile bila kubadilisha neno.

Hatua ya 1: Anza na ahadi, hata kama kwenye video itakuja katikati

Ahadi ni kile mtazamaji atakachopata akirudi. Neno "mbalimbali" halimpi kitu cha kusubiri. Mi nilimwuliza wifi swali moja tu, watu wakija kununua mbaazi kwako asubuhi wanakuuliza nini kuhusu kupika? Akajibu hapohapo, hata hakufikiri: "Wananiuliza mbona tui langu halikatiki, wifi. Kila siku."

Hapo ndo ahadi ilipokuwa. Tui linakatika pale tui zito linapotiwa mapema na kuachwa lichemke kwa nguvu bila kukorogwa, mafuta yanajitenga juu na chini yanabaki maji yenye chengachenga, na wapishi wengi wakiona vile wanadhani chakula ndo basi tena. Mapishi ya nazi yako kila kona ya mtandao, lakini mengi yanakuonyesha sufuria iliyofanikiwa tu. Wifi anaijua ile iliyoharibika na anajua kuiokoa. Kwa hiyo tukaandika: kila Ijumaa pishi moja la nazi, wapi linaharibika na unaliokoaje.

Kabla hujaikubali ahadi yako ijaribu kwa kuorodhesha vipindi. Sisi tuliandika kwenye daftari: mbaazi, samaki wa kupaka, wali wa nazi, maharage, kunde, ndizi, muhogo, mchicha, pweza, vitumbua. Kumi, na kila moja lina mahali pake pa kuharibika. Ukikwama kwenye la nne ujue ahadi ni nyembamba mno, ipanue kidogo. Na siku uliyoitaja iwe siku unayoiweza kweli, wifi Ijumaa hauzi mbaazi ndo maana tukaichagua hiyo.

Kuna kitu nimekikuta kwenye trela nyingi, mtu anasema "Ijumaa hii tunaanza na..." au anataja bei, "chini ya elfu tano". Trela inakaa pale miezi, Ijumaa ile inapita na bei ya nazi inapanda, mtu akifika mwezi wa nane anaona chaneli imelala. Usiweke kitu chenye tarehe wala bei ndani ya sekunde hizi 30.

Hatua ya 2: Jitambulishe kwa kile ulichofanya kwa mikono yako

"Mimi ni mpenzi wa mapishi" haimwambii mtu chochote. Tulitaka kitu kimoja kitakachomfanya mtazamaji aiamini ile ahadi, kimoja tu. Wifi ana cheti cha kozi fupi ya keki na alitaka kukitaja, nikamwambia keki haihusiani na tui, tukakiacha. Tukachukua miaka yake 12 ya kuuza mbaazi mlangoni, kwa sababu mtu akisikia miaka 12 ya mbaazi za nazi anajua huyu keshakutana na tui la kila aina. Namba iwe ya kweli lakini, maana majirani zako nao watatazama.

Jina pia. Watoto wa mtaani wote wanamwita Shangazi, basi ndo jina alilotumia. Ni fupi na linamkaa.

Hatua ya 3: Hesabu silabi, usihesabu maneno

Hapa ndo wengi wanapopotea. Wanachukua kanuni za Kiingereza, eti sekunde 30 ni maneno 75 hivi, wanaandika maneno 75 ya Kiswahili af wanajikuta wanasoma kama mtangazaji wa mpira. Neno letu moja linabeba sentensi. "Nitakuonyesha" ni neno moja kwenye hesabu lakini mdomoni ni silabi sita, ni-ta-ku-o-nye-sha. Kwa hiyo pima silabi.

Nilimrekodi wifi akiongea na wateja kwa utulivu wake wa kawaida, nikahesabu, ikaja kama silabi 5 kwa sekunde. We jipime mwenyewe, kuna watu wanakwenda 6. Af kwenye zile sekunde 30 toa 7 za kimya, maana sufuria nayo inataka kusikika, trela ya mapishi yenye maneno mwanzo mwisho haina harufu. Zinabaki sekunde 23, yani silabi 115 kwa wifi. Hiyo ndo bajeti yako yote.

Hatua ya 4: Panga kwenye mstari wa muda

Hii ndo skripti yetu ilivyotoka:

Sekunde 0–2. Picha: sufuria kwa karibu, tui limekatika, mafuta yanaelea. Sauti: mchemko tu. Maandishi kwenye kioo: TUI LIMEKATIKA.

Sekunde 2–6. Picha ileile, mkono unaitoa sufuria motoni. Shangazi: "Ukiona tui limekatika hivi, usimwage." (silabi 17)

Sekunde 6–15. Picha: sura yake, mlangoni. Shangazi: "Asalamu aleikum. Mimi ni Shangazi, niko Ngamiani, Tanga. Miaka kumi na mbili nauza mbaazi za nazi mlangoni kwangu." (silabi 45)

Sekunde 15–17. Kimya. Picha: tui zito linamiminwa taratibu, mwiko unazunguka.

Sekunde 17–23. Picha tatu za haraka: samaki wa kupaka, wali, muhogo. Shangazi: "Kila Ijumaa pishi moja la nazi: wapi linaharibika, na unaliokoaje." (silabi 29)

Sekunde 23–26. Kimya. Picha: andazi linachovywa kwenye mbaazi zilizookolewa.

Sekunde 26–30. Picha: Shangazi anageuka kuingia ndani. "Nifuate jikoni, tuanze na hizi mbaazi." (silabi 16) Neno SABSKRAIBU linatokea kwenye kioo, halisemwi.

Jumla silabi 107, chini ya 115, zile zilizobaki ni za kuvuta pumzi.

Salamu tulibishana sana. Mi nilitaka ianze na sufuria, yeye akasema, "Wifi, mimi siingii nyumbani kwa watu bila salamu." Na ana haki, mtu mzima wa Tanga kuanza kuongea bila kusalimu inasikika vibaya kwa watu hawahawa tunaowataka. Ila salamu ikikaa sekunde ya kwanza mtazamaji bado hajaona sababu ya kubaki. Tukaona salamu inaenda na sura, pale sura yake inapotokea mara ya kwanza ndo anasalimu. Imechukua silabi 8, kama sekunde moja na nusu hivi, na imekaa kama mtu anayefungua mlango.

Na ile sentensi ya kwanza, "usimwage", imebeba trela yote, kwa sababu inaacha swali ambalo linajibiwa kwenye sekunde ya 23. Ukianza na tatizo, hakikisha suluhisho linaonekana humohumo kwa macho, hata bila maelezo. Maelezo yako kwenye kipindi.

Hatua ya 5: Kushuti

Hapa nitapita haraka. Tui lilibidi tulikate makusudi, wifi roho ilimuuma. Nusu kilo ya mbaazi, nazi mbili, tui zito likatiwa lote mkaa ukiwa umewaka sana, tukaacha lichemke bila kugusa mwiko. Kuokoa: akaitoa motoni, akaponda mbaazi kiasi kwenye sufuria ile ile ule unga wake ushike mafuta, akaongeza tui zito bichi kidogo huku anakoroga upande mmoja. Haikurudi kama ambayo haijakatika, ukichungulia vizuri unaona tofauti, lakini ikawa nzito na ikalika, na sisi tulipiga picha ilivyo bila kubadilisha sufuria. Ungebadilisha sufuria ahadi yako inakuwa ya uongo kabla hujaanza.

Sauti ya maneno tulirekodi chumbani, godoro limesimamishwa ukutani, maana barabarani bodaboda hazikati. Sauti ya sufuria tukairekodi peke yake, simu ikiwa karibu na mvuke lakini si juu yake. Adhana ikianza simamisha, usubiri iishe.

Hatua ya 6: Kuiweka na kuisoma

Ipandishe kama video ya kawaida, af kwenye YouTube Studio nenda Customization, tafuta sehemu ya Channel trailer, ichague. Wasiosabskraibu ndo wataiona.

Ikishatazamwa na watu kadhaa fungua Analytics ya video hiyo, angalia Audience retention, ule mstari unaoshuka. Usiangalie ulivyoshuka kwa jumla, tafuta sekunde unapovunjika ghafla, af nenda kwenye skripti uone pale pana nini. Wetu ulivunjika kwenye sekunde ya 11. Maneno pale yalikuwa sawa, "miaka kumi na mbili nauza mbaazi", shida ilikuwa picha, sura ileile imekaa sekunde tisa bila kubadilika. Maneno tukayaacha, juu yake kuanzia sekunde ya 10 tukaweka picha ya asubuhi, mkono wa wifi unapakua mbaazi kwenye bakuli la mtoto aliyetumwa, kabeba hela yake kwenye ngumi. Trela ukishaipandisha huwezi kuiongezea picha mpya ndani, kwa hiyo tukapandisha faili jipya na kulichagua upya kulekule kwenye Customization, la zamani tukalificha.