Namba ya NIDA kwanza, picha baadaye

Unapokagua fomu ya kufungulia akaunti, anza na namba ya NIDA, kwa kuwa tarakimu zake 20 huanza na mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa; mteja aliyejaza tarehe 7 Machi 1991 anapaswa kuwa na namba inayoanza na 19910307. Ikianza na 19910703, usipitishe fomu, hata kama sahihi na picha zimekamilika. Aliyekosea kujaza aikate tarehe kwa mstari mmoja na kutia sahihi pembeni (wino mweupe haukubaliki), lakini kosa likiwa la kitambulisho, arudi NIDA. Kisha soma chanzo cha mapato: neno “biashara” pekee halitoshi, aeleze anauza nini, wapi, na anatarajia kuweka kiasi gani kwa mwezi.